Mwombaji wa Uhadhiri, Tuonyeshe Darasa Lako

"Mimi ni mwalimu ninayemweka mwanafunzi katikati, na ninaamini katika ushirikishwaji." Sentensi hii, au nyingine inayofanana nayo, hufungua matamko mengi ya ufundishaji yanayoambatanishwa na maombi ya kazi ya uhadhiri. Haina kosa lolote, na hapo ndipo penye shida. Mhadhiri wa sheria anaweza kuiandika, wa uuguzi vilevile, na hata yule asomaye madesa yake kwa saa mbili bila kuinua macho ataiandika bila aibu. Jopo likiimaliza kuisoma, halijajua lolote kuhusu aliyeiandika.

Tamko la ufundishaji ni waraka mfupi, kwa kawaida ukurasa mmoja au miwili, ambamo mwombaji anaeleza anavyofundisha, kwa nini anafundisha hivyo, na anajuaje kwamba wanafunzi wamejifunza. Vyuo vikuu vya Marekani na Kanada vimekuwa vikiudai kwa muda mrefu. Msomi wa kwetu aliyezoea kupeleka barua ya maombi, wasifu, vyeti na majina ya wadhamini huweza kukutana nao kwa mara ya kwanza anapoomba kazi nje, na hapo huandika insha juu ya umuhimu wa elimu. Wengine humtaja Paulo Freire, au *Elimu ya Kujitegemea* ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967, kisha wanapita. Kumtaja mtu si vibaya, lakini jina hilo liwe limebadilisha kitu darasani. Kama ukilifuta aya inabaki ilivyo, basi lifute.

Tuchukue mwombaji mmoja wa kubuni. Ni mhadhiri msaidizi wa fizikia, anafundisha mekanika mwaka wa kwanza katika ukumbi wa watu wengi, na sasa anaomba nafasi ya uhadhiri kamili. Rasimu yake ya kwanza inasema: "Ninatumia mbinu shirikishi ili wanafunzi waelewe dhana badala ya kukariri." Tumuulize dhana ipi. Tumuulize pia ni nini wanafunzi hawaielewi, na yeye amekigunduaje.

Akibanwa hivyo, mwombaji ana jibu zuri kuliko alichoandika. Kila mwaka huanza mada ya kani kwa swali moja. Fuso lililosheheni saruji limegongana uso kwa uso na bajaji. Katika mgongano huo, kani ipi ni kubwa zaidi: ile ambayo fuso linaisukuma bajaji, ile ambayo bajaji inalisukuma fuso, au ziko sawa? Wanafunzi hawa wamefaulu fizikia kidato cha sita na Kanuni ya Tatu ya Newton wanaitaja usingizini. Hata hivyo, wengi huchagua fuso. Ukiwauliza sababu watakuambia, "Mwalimu, bajaji imekuwa chapati!"

Jibu sahihi ni kwamba kani ziko sawa. Kinachotofautiana ni matokeo yake. Tuseme fuso na mzigo wake lina kilo 10,000 na bajaji na abiria wake ina kilo 500. Tungamo la fuso ni mara 20 ya lile la bajaji, kwa hiyo kani ileile inabadilisha mwendo wa bajaji mara 20 zaidi. Mgongano ukipunguza mwendo wa fuso kwa kilomita 2 kwa saa, mwendo wa bajaji utabadilika kwa kilomita 40 kwa saa katika muda huohuo mfupi. Dereva wa fuso anahisi mtikisiko. Wa bajaji anakwenda hospitali. Mwanafunzi anaona madhara makubwa upande mmoja, akadhani kani nayo ilikuwa kubwa upande huo.

Kosa hili linajulikana katika taaluma yake, na mwombaji afanye vizuri kuonyesha kwamba analijua. Mwaka 1992 David Hestenes wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona na wenzake walichapisha jaribio la maswali ya kuchagua linalopima dhana ya kani bila hesabu hata moja, na mgongano wa lori na gari dogo umo. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, alikuwa tayari amewapa wanafunzi wake maswali ya aina hiyo akitarajia wayapite kwa urahisi. Walioweza kukokotoa matatizo magumu wakakwama kwenye maswali yanayoonekana ya kitoto. Mmoja akataka kujua kama ajibu kwa namna walivyofundishwa au kwa namna anavyofikiri mwenyewe. Mwalimu yeyote angekosa usingizi kwa swali hilo.

Mazur akabadilisha mhadhara. Anaeleza kwa dakika chache, anauliza swali la dhana, kila mwanafunzi anapiga kura peke yake. Waliopata wakiwa wachache mno, chini ya asilimia 30 hivi, mada inarudiwa. Wakizidi asilimia 70, anaeleza kwa kifupi na kusonga mbele. Wakiwa katikati, kila mmoja anageukia jirani yake na kujaribu kumshawishi, kisha wanapiga kura upya.

Sasa mwombaji wetu anaweza kuandika tena aya yake: "Wanafunzi huinua kadi za A, B na C kwa pamoja, wakizishika kifuani ili wa nyuma asifuate wa mbele. Kwenye swali la fuso na bajaji, kwa kawaida theluthi moja hivi hupata mara ya kwanza. Nawapa dakika mbili za kubishana. Mwaka jana nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake: 'Wewe, usiangalie nani kaumia, angalia nani kamsukuma nani.' Sentensi hiyo niliiandika ubaoni, na ndiyo iliyobeba kipindi kizima."

Aya hii ina kozi, swali, kosa, hatua na sauti ya mwanafunzi. Neno "shirikishi" halimo na wala halihitajiki. Msomaji wa jopo hata kama ni mwanahistoria ameliona darasa.

Lakini jopo lenye uzoefu litauliza kinachoharibika, na ni heri mwombaji awe ametangulia. Mbinu hii huharibika pale mwenye sauti kubwa anapowashinda wenye hoja. Darasa zima linahamia kwenye jibu moja, mwalimu anafurahi, kumbe wamemfuata mtu. Dawa ni swali la pili lenye dhana ileile kwa sura nyingine, likijibiwa kimya: pikipiki imeligonga daladala lililosimama kituoni, kani zikoje? Waliokuwa wamefuata mkumbo watarudi kusema daladala halikusukuma chochote kwa kuwa lilikuwa limesimama. Mistari miwili juu ya jambo hili ndani ya tamko ina uzito kuliko aya nzima ya sifa.

Tathmini ndiko matamko mengi yanakovunjikia. Mwombaji wetu aliandika: "Natumia tathmini endelevu na tathmini tamati." Vyema, lakini nani hatumii? Nchini Tanzania ni kawaida kukuta alama 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho, na Kenya 30 kwa 70. Mgawanyo huo hauko mikononi mwa mhadhiri msaidizi. Kilicho mikononi mwake ni kile anachouliza.

Tulipomwomba mtihani wake wa mwisho, maswali yote yalikuwa ya kukokotoa: umepewa tungamo, umepewa mchapuko, tafuta kani. Mwanafunzi aliyekesha na mitihani ya miaka iliyopita anapata A na bado anaamini kwamba fuso lilisukuma zaidi. Mwaka 1996 John Biggs, mtaalamu wa elimu ya juu, aliandika juu ya ulinganifu baina ya vitu vitatu: unachotaka mwanafunzi aweze, anachofanya darasani, na unachompima. Kimoja kikielekea kwingine, wanafunzi hufuata mtihani, maana wao si wajinga. Mwalimu anaweza kuhubiri uelewa muhula mzima, wao watamuuliza tu, "Hili litatoka?"

Kwa hiyo alibadilisha swali moja, akaligawia alama 10. Mwanafunzi anapewa maelezo ya ajali ya fuso na bajaji, pamoja na kauli ya shahidi kwamba fuso "lilipiga kwa nguvu zaidi". Aandike aya moja ya kumjibu shahidi kwa lugha ambayo shahidi ataielewa, pamoja na mchoro. Alama tatu ni za mchoro wenye mishale miwili iliyo sawa kwa urefu na kinyume kwa mwelekeo, kila mmoja ukiwa juu ya chombo kinachosukumwa. Tatu ni za kueleza kwamba kani ziko sawa hata kama tungamo ni tofauti. Nne ni za kueleza kwa nini basi bajaji iliumia zaidi. Aliyeandika kanuni ya Newton neno kwa neno na kuishia hapo anapata tatu. Mwongozo huo wa kusahihisha, ukiwekwa kwenye tamko kwa sentensi tatu, unaeleza falsafa yake ya tathmini pasipo kulitaja neno falsafa.

Inabaki kuonyesha kwamba wanafunzi walijifunza. Rasimu ya kwanza ilijivunia kwamba hakuna aliyekwenda sapu. Jopo haliwezi kujua kama hiyo ni sifa ya mwalimu au ni urahisi wa mtihani. Fizikia ina kipimo cha wazi zaidi, ambacho Richard Hake alikitumia mwaka 1998 katika uchambuzi wa kozi 62 zenye wanafunzi zaidi ya 6,000. Unawapa jaribio la dhana mwanzo wa kozi na mwisho wake, kisha unauliza: katika yale ambayo hawakuyajua mwanzoni, wamepata sehemu gani? Darasa likianza na wastani wa asilimia 40, limebakiwa na 60 za kupata. Likimaliza na 58, limeongeza 18. Gawanya 18 kwa 60, unapata 0.30. Hake alikuta kozi za mihadhara ya kawaida zikiwa na wastani wa 0.23, na zile ambazo wanafunzi wanashughulishwa zikiwa na 0.48.

Mwombaji wetu, akiwa na 0.30, yuko juu kidogo ya mhadhara wa kawaida na mbali na wenzake wanaotumia mbinu kama yake. Wapo wangemshauri aifiche namba hiyo. Mimi ningemwambia aiweke, pamoja na maelezo: aliwahesabu waliofanya majaribio yote mawili tu, maana walioacha kozi katikati wangepotosha wastani, alitumia kadi katika mada ya kani peke yake, na nyingine alizifundisha kwa mhadhara, na maswali ya kani yalipanda kuliko mengine. Muhula ujao anataka kupeleka kadi kwenye mada ya nishati, ambako wanafunzi wake huchanganya nishati na kani, na swali la kuanzia ameshalitunga: mabegi mawili ya saruji, moja limepandishwa ghorofani kwa ngazi, jingine kwa kamba, lipi limepata nishati zaidi?