Kabla Bango Halijachorwa

Septemba 2011, Reed Hastings wa Netflix aliwatangazia wateja wake kwamba biashara ya kuwatumia DVD kwa posta itatengwa na ile ya kutazama filamu mtandaoni, na itapewa jina lake yenyewe: Qwikster. Anwani ya tovuti, qwikster.com, kampuni ilikuwa imeshaitia kibindoni. Akaunti ya Twitter yenye jina hilo haikuwa yake. Waliokimbilia kuitafuta @Qwikster walimkuta kijana aliyekuwa akipiga soga za bangi, na picha ya akaunti yake ilikuwa Elmo, yule mwanasesere mwekundu wa vipindi vya watoto, akivuta msokoto.

Netflix ilifuta mpango mzima Oktoba 10, hata mwezi haujaisha. Tusimsingizie kijana yule: kilichouzamisha mpango ni hasira za wateja, waliokuwa wamepandishiwa bei na sasa wanaambiwa wawe na akaunti mbili. Lakini kampuni yenye wanasheria wa kila namna ilikuwa imekagua mlango mmoja ikaacha wa pili wazi, na kosa hilo hutokea kila siku kwa watu wasio na mwanasheria hata mmoja.

Tuchukue mfano wa mama wa Mombasa anayepika vitumbua alfajiri na sasa anataka kuuza kwa oda. Jina analo kichwani: Vitumbua vya Asubuhi. Fundi wa mabango anasubiri malipo ya awali. Swali la kwanza si kama jina lipo huru. Ni kama linaenea.

Mitandaoni jina huandikwa bila nafasi, kwa hiyo linakuwa vitumbuavyaasubuhi, herufi 18. Instagram inaruhusu hadi 30 na TikTok hadi 24, kwa hiyo huko linapita. X inakomea 15, na hapo linagota. Ndiyo maana anayechagua jina huanza kuhesabu kwa mtandao wenye kipimo kifupi kuliko yote. Klabu ya Simba ya Dar es Salaam iko X kwa jina @SimbaSCTanzania. Ukizihesabu herufi zake ni 15 kamili, hakuna pa kuongeza hata moja. Neno “simba” peke yake lingekuwa tamu zaidi, ila simba wa Kiswahili ana wenyewe wengi duniani, ikiwemo kampuni ya magodoro ya Uingereza.

Mama anaweza kulitoa “vya” libaki vitumbuaasubuhi. Hizo nazo ni 15, lakini sasa kuna a mbili zinazofuatana. Mteja aliyelisikia jina redioni ataandika moja, na ataangukia kwa mtu mwingine au pasipo na mtu. Hitilafu hii haionekani kwenye karatasi. Inajitokeza pale unapomtajia mtu jina kwa simu na kumwomba aliandike. Akikosea yeye, watakosea na wengine.

Kuna na suala la alama. Instagram inakubali nukta na mstari wa chini. X inakubali mstari wa chini, nukta haiitaki. Anwani ya tovuti haikubali mstari wa chini katika jina, inakubali kistari cha kati, ambacho nacho Instagram na X zinakikataa. Kinachopita kila mahali ni herufi na tarakimu tupu. Tuseme basi mama anaamua vitumbuamoto: herufi 12, hakuna alama, hakuna irabu pacha.

Sasa ndipo ukaguzi wenyewe unaanza, na hapa watu wengi hudanganyika. Wanafungua instagram.com/vitumbuamoto, wanaona ujumbe kwamba ukurasa haupatikani, wanashangilia. Ujumbe ule haumaanishi kwamba jina liko huru. Huenda mwenye akaunti ameisimamisha kwa muda, au mtandao umeifungia kwa kuvunja kanuni, na kwa vyovyote vile jina limeshikiliwa. Kipimo cha kuaminika ni kuanza kujisajili, kuliandika jina kwenye kisanduku chake na kusubiri mtandao wenyewe uamue. Mitandao ya kukagua majina kwenye majukwaa mengi kwa mpigo inasaidia kuchuja mapema, ila mingi yake huangalia tu kama ukurasa unafunguka, kwa hiyo inarudia kosa lile lile.

Na jina likiwa limeshikwa na akaunti iliyolala miaka sita, bila picha wala mfuasi? Instagram haitoi majina ya namna hiyo kwa kuombwa tu. Njia iliyopo ni kuthibitisha kwamba una alama ya biashara iliyosajiliwa na kwamba haki yako imevunjwa. Mpika vitumbua anayeanza hana hati hiyo. Atafute jina lingine.

Upande wa tovuti mtego unafanana. Kuandika vitumbuamoto.com kwenye kivinjari na kuona hakifunguki si ushahidi. Mtu anaweza kulinunua jina na asiweke chochote juu yake. Kinachoulizwa ni daftari la usajili. Kwa majina ya .com mtu huingia lookup.icann.org, akaandika jina, na likiwa na mwenyewe ataona tarehe lilipoandikishwa na tarehe litakapokwisha muda. Kwa .co.ke huulizwa KeNIC, na kwa .co.tz huulizwa daftari la .tz, ama moja kwa moja ama kupitia wakala wa usajili.

Tarehe ya kwisha muda huwapa watu matumaini makubwa mno. Jina la .com lisipolipiwa haliachiwi siku ile ile. Wakala anaweza kulishikilia hadi siku 45, kisha zinafuata siku 30 ambazo mwenyewe bado anaweza kulikomboa kwa gharama kubwa, halafu siku tano za mwisho kabla ya kufutwa. Hiyo inakaribia miezi mitatu, na mwishoni kuna watu wenye mitambo inayosubiri kulidaka. Kumshitaki aliyelishika nako si njia ya mkato: Uzi Nissan, mfanyabiashara wa Marekani aliyeandikisha nissan.com kwa jina la ukoo wake mwaka 1994, alishitakiwa na kampuni ya magari ya Nissan mwaka 1999, na anwani ikabaki kwake mpaka alipofariki mwaka 2020.

Mama akikuta kila mahali kweupe, asilale na matokeo hayo. Mwaka 2008 wakala mmoja mkubwa wa Marekani, Network Solutions, alilaumiwa kwa kujiandikishia papo hapo majina ambayo wateja walikuwa wameyatafuta kwenye tovuti yake, hivyo yakawa hayanunuliki kwingine kwa siku kadhaa. Ni busara kuketi mara moja: kufungua akaunti za mitandao, ambazo ni bure, na kulipia anwani saa hiyo hiyo. Kusajili jina la biashara serikalini ni kazi ya peke yake, wala hakumpi mtu akaunti ya TikTok wala anwani ya tovuti.

Kabla ya kulipa, dakika chache zibaki kwa ajili ya web.archive.org. Jina lililo wazi leo huenda jana lilikuwa na mwenyewe, na hifadhi ile huonyesha picha za kurasa za zamani mwaka kwa mwaka. Mama akikuta kalenda tupu, vitumbuamoto.com haina historia iliyonaswa pale. Akikuta kurasa za kamari au za picha za uchi, atajua kwa nini mwenye jina hakulilipia tena, na fundi wa mabango itabidi asubiri kidogo.