Klipu Zinapounganishwa kwa Kasi Tofauti

Kipindi kina utangulizi wa dakika mbili na mahojiano ya saa nzima. Ukisikiliza kila faili peke yake, zote ni safi. Ukiziunganisha, utangulizi unatoka vizuri, kisha mgeni anaanza kuongea kwa sauti nzito inayoburuta, na ile saa moja inachukua dakika 65 na sekunde 18.

Kipaza sauti hakina kosa. Kompyuta huhifadhi sauti kwa kulipima wimbi lake maelfu ya mara kila sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. CD za muziki zina sampuli 44,100 kwa sekunde. Vifaa vya video kwa kawaida hutumia 48,000. Faili la WAV huandikwa idadi hiyo mwanzoni, ili programu ijue izisome kwa kasi gani. Utangulizi wetu ulikuwa wa 44,100 na mahojiano ya 48,000. Vilipobandikwa bila kubadilishwa, faili jipya lilichukua namba ya klipu ya kwanza, na mahojiano yote yakasomwa polepole kuliko yalivyorekodiwa. Utangulizi ungekuwa wa 48,000 na mahojiano ya 44,100, mgeni angeharakishwa na sauti yake kuwa nyembamba.

Kwa hiyo kabla ya kuunganisha, soma namba ya kila klipu, kisha igeuze ile inayotofautiana:

```
ffprobe -v error -show_entries stream=sample_rate -of csv=p=0 utangulizi.wav
ffmpeg -i utangulizi.wav -ar 48000 utangulizi48.wav
```

Amri ya pili hukokotoa sampuli mpya, hivyo urefu na uzito wa sauti hubaki vilevile. Kubadilisha namba iliyoandikwa kwenye faili pekee hakutoshi, kwa kuwa sampuli ni zilezile na kasi ndiyo itakayoharibika.

Geuza klipu nzima kabla ya kuikatakata. Ukigeuza vipande vidogo kimoja kimoja, hesabu huanza upya kila mara, kingo za wimbi hazikutani, na kila kiungo hutoa mkwaruzo. Mkwaruzo ukibaki kwenye kiungo, fifisha sauti kwa milisekunde 10 kila upande.

Kuna tatizo jingine linalofanana na hili. Kamera na kinasa sauti vyote vinaonyesha 48,000, lakini midomo na maneno vinaachana kidogo kidogo. Hapo tofauti iko kwenye saa za ndani za vifaa, ambazo hazilingani kikamilifu. Piga kofi moja mwanzoni mwa kurekodi na jingine mwishoni. Linganisha makofi ya mwanzo, kisha pima pengo la mwisho. Sauti ikizidi kwa sekunde 0.18 katika saa moja, ifupishe kwa uwiano wa 3600 kwa 3600.18.

Pengo la dakika tano kwa saa ni kosa la namba. Pengo lisilofika sekunde moja, chunguza saa za vifaa.