Ahadi ya waziri haikutosha La Haye

Oktoba 1998 Kindu iliangukia mikononi mwa waasi wa RCD na askari wa Rwanda, na wakaaji wa Alunguli, ng'ambo ya Lualaba, hawakusalimika. Tarehe 28 Mei 2002 Kinshasa iliishitaki Rwanda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, La Haye. Kizuizi kikatokea mapema. Ilipojiunga na mkataba dhidi ya mauaji ya kimbari mwaka 1975, Rwanda ilikataa kipengele kinachoipa mahakama hiyo uwezo wa kuihukumu.

Mawakili wa Kongo walijibu kwamba nchi yenye nia njema haisemi hivi leo na vile kesho. Rwanda ilikuwa imetoa amri mwaka 1995 ya kuondoa masharti yake, na Machi 2005 waziri wake wa sheria aliiambia ONU, Geneva, kwamba yaliyobaki yataondolewa karibuni.

Majaji walikubali kwamba neno la waziri linaweza kuifunga nchi yake. Lakini huyu hakutaja tarehe wala kipengele hicho, tena alisema kesi ikiwa imekwisha kufunguliwa. Amri ya 1995 nayo haikufikishwa kwa Katibu Mkuu wa ONU, kwa hiyo mbele ya mataifa mengine haikuwa na nguvu. Na Kinshasa yenyewe, jambo linalouma, haikulipinga sharti hilo mwaka 1975.

Tarehe 3 Februari 2006, kwa kura 15 dhidi ya 2, mahakama ilisema haina mamlaka. Mashtaka yenyewe hayakusikilizwa.