Mzinga uliofunguliwa huharibika?

Huko Adungosi, kwenye barabara ya Busia kwenda Malaba, kila mtu anajua kwamba ajono haihifadhiki. Chungu kikilala siku chache, pombe ya wimbi huchachuka hata walioizoea wakakunja uso, kwa sababu ndani yake mna hamira na bakteria walio hai. Basi wengi hudhani kwamba wiski, jini au ramu iliyofunguliwa nayo ina siku zake.

Haina. Pombe hizi kwa kawaida huwa na kileo cha asilimia 40 hivi, na kikishapita asilimia 20 hakuna bakteria wala kuvu anayeweza kumea humo. Mzinga wa Uganda Waragi uliofunguliwa Krismasi iliyopita hautakuumiza tumbo kwa sababu ya kukaa tu. Kinachopungua ni ladha, na adui wake mkubwa ni hewa.

Chukua mzinga wa mililita 750 uliobaki na mililita 250. Theluthi mbili za chupa sasa ni hewa, na oksijeni iliyomo hubadilisha polepole vile vitu vinavyoipa pombe harufu. Kila ukifungua, hewa mpya inaingia na mvuke wa kileo unatoka. Jini huonyesha mapema, maana utamu wake wote umo katika harufu ya mbegu za mreteni. Ikipotea, unabaki na ukali mtupu. Wiski na ramu ya kahawia hustahimili zaidi, lakini chupa iliyobaki robo, baada ya miezi kadhaa, huanza kupooza mdomoni. Wala usingoje wiski ikomae kabatini: hukomaa ikiwa kwenye pipa tu.

Dawa ni rahisi. Tafuta chupa ya kota, ile ya mililita 250, ioshe, ikauke kabisa, kisha umimine kilichobaki. Itajaa karibu hadi shingoni na hewa haitakuwa na nafasi. Andika jina juu yake. Usitumie chupa ya soda au ya maji, mtoto asije akainywa.

Isimamishe wima, kwa kuwa kileo kikali hula kizibo cha gome. Iweke kabati la chini lenye giza, mbali na dirisha na joto la mabati. Friji si lazima, ila kwa likari za maziwa kama Amarula, ambazo zikifunguliwa hazifai kukaa zaidi ya miezi sita hivi.

Sumu ya methanoli, iliyoua watu zaidi ya 80 nchini Kenya Mei 2014, haizaliwi chupani kwa kukaa. Hutiwa na watu, na pua haiwezi kuitambua. Kwa hiyo usinunue mzinga ambao muhuri wake umeguswa, na kagua stempu ya KRA kwa programu ya Soma Label. Aliyekunywa akiona ukungu machoni, mpelekeni hospitalini saa hiyo hiyo.