Futari ya Mtaa: Tangazo Ambalo Kila Jirani Ataliamini

Msikiti ukitangaza kwamba Jumamosi kutakuwa na futari ya mtaa mzima, kila nyumba huipokea habari hiyo kivyake. Jirani Mkristo hudhani walioalikwa ni Waislamu, na kwamba yeye ametajwa kwa adabu tu. Mjane asiye na kitu huona haya kuonekana amefuata chakula cha bure. Mama mwenye watoto watatu hajui kama wanawake wametengewa pa kukaa, na mzee mgonjwa anajua hawezi kufika. Hakuna hata mmoja kati yao atakayeuliza. Watabaki majumbani, na waandaaji watabaki na sufuria la pilau lisilo na walaji.

Ndiyo maana naamini futari ya namna hii huanzia kwenye tangazo, kabla mchele haujanunuliwa. Kila mstari wake ni uamuzi ambao waandaaji wameshaufanya. Wakishindwa kuuandika, basi bado hawajaamua. Tuchukue mtaa mmoja wa Magomeni, Dar es Salaam, unaotarajia watu 200. Tangazo lao lingeweza kusomeka hivi:

"Jirani, karibu tufuturu pamoja Jumamosi hii kwenye uwanja wa shule. Umefunga au hukufunga, uwe Mwislamu au la, chakula hiki ni chako na familia yako. Hakuna kiingilio, wala hakutakuwa na mchango siku hiyo. Fika saa 12:00 jioni; tutafungua kwa adhana ya magharibi, karibu saa 12:40, na chakula kikuu kitafuata baada ya sala. Wasioswali watabaki kwenye mikeka yao na uji wao. Wanawake na watoto wana upande wao wenye turubai, na familia zinazopenda kukaa pamoja zina mahali. Nyumba yenye mgonjwa au mzee imwambie mjumbe wake kabla ya Alhamisi jioni, naye ataletewa chakula mlangoni. Mvua ikinyesha tutahamia madarasani."

Mstari unaosema hakutakuwa na mchango unagusa chanzo cha fedha, na hapa kamati nyingi huteleza bila kujua. Zaka ina watu wake: Sura ya At-Tawba, aya ya 60, imetaja makundi manane yanayostahili kuipokea. Mlo ulio wazi kwa kila mtu utaliwa pia na mwenye duka na mwenye gari. Kwa hiyo njia iliyo salama ni kuugharamia kwa sadaka, ambayo inaweza kumfikia yeyote, tajiri kwa maskini, wa dini yoyote. Mchangaji aambiwe hivyo tangu anapotoa fedha yake, na daftari la sadaka ya futari liwe mbali na la zaka. Kupitisha kapu wakati watu wamekaa kwenye mikeka ni kumrudishia yule mjane haya yake yote.

Nyumba za wagonjwa hutakiwa kujulikana kabla ya Alhamisi kwa sababu ya hesabu. Wajumbe wakipita mlango kwa mlango, hurudi na idadi ya watu wa kila nyumba. Hiyo ndiyo namba ya kupikia, si makisio ya mtu aliyekaa msikitini.

Futari tuliyoizoea pwani ni muhogo, magimbi au ndizi za nazi, lakini kwa watu 200 mimi singeshauri. Tui huchacha upesi kwenye joto la Dar, na chungu kikubwa cha magimbi kikipondeka hakitengenezeki tena. Pilau linavumilia. Kilo 1 ya mchele hutosha watu 6 au 7, kwa hiyo kilo 30 zinatosha. Nyama kilo 25 itampa kila mtu vipande viwili vitatu. Tende kilo 5 au 6 zinakaribia tatu kwa kila mtu. Uji wa pilipili manga, kikombe kimoja kwa kila mmoja, ni lita 50. Maji ndiyo husahaulika: lita 200 za kunywa, na mapipa mengine ya kunawa, kutawadha na kuoshea vyombo. Ukipakua kwa masinia ya watu wanne wanne, tafuta masinia 50, na uyaazime mapema kwa vikundi vya shughuli vya mtaani kabla harusi za Jumamosi hazijayachukua.

Mchele usiingie wote kwenye sufuria moja. Ukiwa na kilo 30 ndani ya chombo kimoja, wa chini hulowa na kuungua huku wa juu ukiwa na kiini. Gawa sufuria mbili, kila moja na mpishi wake, wote wakifuata vipimo vya mpishi mkuu.

Ratiba ya jikoni ihesabiwe kurudi nyuma kutoka kwenye adhana. Nyama iwekwe motoni saa 8:00 mchana. Kitunguu kianze kukaangwa saa 9:30, maana rangi ya pilau hutoka hapo na hakiharakishwi. Mchele uliooshwa uingie kwenye supu karibu saa 10:45, maji yakikauka moto wa chini upunguzwe, na makaa yapaliwe juu ya mfuniko hadi saa 12:00. Likikaa limefunikwa na makaa machache hadi watu watakapotoka kwenye sala, litapakuliwa likitoa mvuke.

Wapo wanaopika saa 4:00 asubuhi ili jioni wapumzike. Hilo ni jambo la hatari, si uzembe mdogo. Mchele huwa na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemka. Wali ukipoa na kukaa vuguvugu kwa saa nyingi, bakteria huzaliana na wanaweza kutoa sumu ambayo kupasha moto upya hakuiondoi. Mlaji huanza kutapika, pengine ndani ya saa moja hadi sita. Usitegemee pua, kwa sababu wali wenye sumu hiyo waweza kunukia vizuri kabisa. Kipimo cha jikoni ni mvuke: pilau likifunuliwa lisipotoa mvuke, muulize mpishi liliepuliwa lini.

Vyakula vya wagonjwa vipakuliwe kwanza, viondoke saa 12:15, kila kijana akiwa na nyumba zake alizoandikiwa. Vikisubiri hadi wageni watosheke, vitafika nyumbani usiku, vimepoa, navyo ni makombo.

Yatakayobaki ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi, maana watu wetu hupenda kubeba pilau la kula daku. Kutoka saa 2:00 usiku hadi saa 10:00 alfajiri ni saa nane kwenye joto, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Kwa hiyo ongeza mstari mmoja mwishoni mwa tangazo: chakula cha kubeba kitagawiwa kabla ya saa 2:00 usiku, kiliwe usiku huohuo. Mwenye friji akitaka cha daku, akitandaze kwenye sinia kipoe upesi, akiweke kwenye friji mara tu kinapopoa, na alfajiri akipashe moto hadi kitoe mvuke kote.