Matone Ishirini ya Mafuta

Wiki mbili baada ya kujaza gesi ya AC, Prius ya binamu yangu iligoma kuondoka. Ni ya mwaka 2006, aliinunua ikiwa imetumika Japani. Jioni ile pembetatu nyekundu ilikuwa imewaka kwenye dashibodi, lakini akafika nayo nyumbani salama. Asubuhi akabonyeza kitufe cha kuwashia: taa zikawaka, redio ikaimba, ila neno READY halikutokea. Fundi aliyekuja na mashine ya kusomea akapata kodi P0AA6, na chini yake namba 611. Ya kwanza inasema umeme mkubwa unavujia kwenye bodi ya gari. Ya pili inataja pa kutafuta: upande wa AC.

Binamu hakuelewa. Kwenye Corolla yake ya zamani AC ilikufa mwaka mzima na gari likaendelea kutembea.

Tofauti iko kwenye kompresa. Ya Corolla huzungushwa na mkanda wa injini, haina umeme ila ule mdogo wa klachi. Prius ya kwanza kabisa nayo ilikuwa na kompresa ya mkanda, kwa hiyo injini ikizimika kwenye foleni ubaridi nao ulikatika. Toleo la pili, lililotoka mwaka 2003, lilikuja na kompresa inayozungushwa na mota yake yenyewe, inayotumia umeme wa betri kubwa ya volti 201.6, ile ile inayosukuma magurudumu. Injini ikilala, baridi inaendelea.

Sasa mota hiyo haikukaa pembeni. Imo ndani ya kompresa, na gesi baridi hupita katikati ya nyaya zake na kuipoza. Gesi haisafiri peke yake, hubeba mafuta ya kulainisha vyuma. Kwa hiyo nyaya za shaba zenye umeme mkubwa zinaoga mafuta muda wote, na kinachozitenga na bodi ya kompresa ni varnishi nyembamba pamoja na mafuta yenyewe. Mafuta hayo lazima yawe ya aina isiyopitisha umeme.

Kompresa nyingi za mkanda hutumia mafuta yanayoitwa PAG. Hulainisha vizuri sana, lakini hunyonya unyevu wa hewani kwa pupa na hupitisha umeme kwa urahisi. Prius hutumia aina nyingine, POE, yenye jina ND-OIL 11 kwenye kopo. Kompresa nzima huchukua takriban mililita 100 tu. Asilimia 1 ya PAG ndani yake, yaani mililita moja, matone kama ishirini, inatosha kuangusha uhami kutoka zaidi ya megaomu 10 hadi chini ya megaomu 1. Kompyuta ya gari, inayopima uvujaji huo kila mara, haisubiri mtu apigwe shoti.

Fundi yule alichomoa plagi ya usalama ya betri, akasubiri dakika kumi, akavaa glovu za mpira za volti 1000, ndipo akagusa waya wa rangi ya chungwa unaoingia kwenye kompresa. Akaunga kipimo cha uhami cha volti 500, mguu mmoja kwenye pini, mwingine kwenye bodi. Kikasoma megaomu 0.3. Kipimo hicho kinafaa kwenye toleo hili kwa sababu inveta yake iko mbali na kompresa. Kwenye magari ambayo inveta imefungwa juu ya kompresa, volti 500 zinaweza kuiua.

Tukarudi kwa aliyejaza gesi. Hakuwa na nia mbaya. Alitumia kopo dogo la R134a ambalo ndani yake, kwa maandishi madogo mgongoni, lilikuwa na mafuta ya PAG na rangi ya kutafutia mahali panapovuja. Na hata angetumia gesi tupu, paipu za geji zake zilikuwa zimetoka kwenye gari jingine zikiwa bado na mafuta ndani.

Kinachouma ni gharama. PAG ikishaingia haitoki yote kwa kunyonya gesi, inabaki imeganda kwenye kuta za paipu na kondensa. Binamu alibadilisha kompresa, kondensa na evaporeta, paipu zikasafishwa, ndipo ikaja READY.

Ukipeleka gari la aina hii kujazwa gesi, fungua kwanza boneti usome stika ya AC, maana si magari yote ya umeme yanayotumia ND-OIL 11, na yapo ya haibridi yenye kompresa ya mkanda. Kisha muulize fundi kama ana geji na paipu alizozitenga kwa magari hayo tu, na umwombe kopo ulisome mgongo kabla hajalitoboa.