Kijana Aliyeburutwa kwa Mshauri

Vijana wengi wanaofika kwa mshauri nasaha hawakuja wenyewe. Wameletwa. Mama amekuta kete ya bangi mfukoni mwa suruali ya shule, mwalimu wa nidhamu amesema bila barua ya mshauri mtoto harudi darasani, baba ametishia kumpeleka soba, na siku ya siku kijana wa miaka 16 anakaa kwenye kiti akitazama sakafu, amefunga mikono kifuani, akingoja asemwe tena.

Mshauri aliyefunzwa mahojiano ya kuamsha ari hamsemi. Anaanza na jambo linalowashangaza wazazi: hamwambii kijana aache.

Njia hii ilianza kwa walevi watu wazima. Mwaka 1982 mwanasaikolojia Mmarekani, William Miller, alikuwa Bergen, Norwei, akizungumza na wanasaikolojia vijana kuhusu namna anavyowahudumia watu wenye tatizo la pombe. Walikuwa wakimkatiza na kumuuliza: kwa nini umesema hivi na hukusema vile? Kwa kuwajibu, alijikuta akieleza kitu ambacho hakuwahi kukiandika. Alikichapisha mwaka 1983, na mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick wakatoa kitabu kizima. Baadaye, katika utafiti mmoja wa Miller na wenzake kwa wanywaji, ilionekana kwamba kadiri mtoa tiba alivyombana na kumkabili mgonjwa, ndivyo mgonjwa alivyokuwa akinywa zaidi mwaka mmoja baadaye.

Sababu yake si ngumu kuiona. Mtu aliye njia panda ana sauti mbili ndani yake: moja inataka kuacha, nyingine haitaki. Ukija wewe ukaishika ile ya kuacha na kuisema kwa nguvu, unamwachia sauti moja tu ya kutumia, ile ya kutetea. Na binadamu huamini zaidi yale anayojisikia akiyasema kwa kinywa chake. Ukibishana na kijana nusu saa kuhusu bangi, umemfanyisha mazoezi ya nusu saa ya kuitetea. Kwa kijana hili huwa kali zaidi, kwa sababu umri wake wenyewe ni umri wa kutaka kuamua mambo yake.

Tuchukue kijana wa mfano, mwanafunzi wa kidato cha tatu Dar es Salaam. Si mtu fulani. Nimemuunda ili tuone kazi inavyokwenda. Shule imemsimamisha kwa kuvuta bangi nyuma ya vyoo. Mama yake amemleta kwa daladala, na njia nzima hawakusemeshana.

Mshauri anawakaribisha wote wawili na kuweka masharti mbele ya mama: atakayoyasema kijana yatabaki humu ndani, isipokuwa kama maisha yake au ya mwingine yako hatarini, au kuna anayemdhuru. Mama akubali hilo kwa kinywa chake, kijana akisikia. Kisha mama anaombwa asubiri nje. Hatua hii ikirukwa, yanayofuata huwa kazi bure, maana kijana atamwona mshauri kama mpelelezi wa nyumbani.

“Shikamoo,” kijana anasema bila kuinua macho.

“Marahaba. Mama amenieleza ya kwake. Ya kwako sijayasikia. Nani aliamua uje leo?”

“Mama. Na shule. Wamesema bila barua sirudi.”

“Kwa hiyo umekuja kwa ajili ya barua.”

“Ndiyo.”

“Na hakuna aliyekuuliza kama unataka.”

“Hakuna, madamu.”

“Hilo linaudhi. Barua nitaandika kwamba umefika, hata kama hutasema kitu. Saa moja hii tuliyo nayo, ungependa tuitumieje?”

Tazama kilichofanyika. Mshauri hakudai kwamba kijana amekuja kwa hiari, na hakuishika barua kama fimbo. Amerudisha kwa maneno yake kile alichosikia, akaongeza kidogo kile kilichokuwa chini ya maneno. Huko kurudisha ndiko kazi yenyewe. Mshauri hodari hulenga kurudisha alichosikia mara mbili kwa kila swali moja analouliza, kwa sababu maswali yakifuatana kijana huona yuko kituo cha polisi.

Kijana sasa anasema kidogo. Anavuta na wenzake maskani baada ya shule. Inamtuliza, maana nyumbani ni ugomvi kila jioni. Mshauri anasikiliza hilo kwa heshima, kwa kuwa ni kweli. Bangi inamfanyia kazi fulani, vinginevyo asingeivuta. Ila hakai hapo muda mrefu. Washauri wengi hufundishwa kumchorea mteja safu mbili, faida upande huu na hasara upande ule, wakazijaza zote sawasawa. Kwa mtu ambaye bado yuko njia panda, zoezi hilo linaweza kuupunguza utayari wa kubadilika. Mshauri anatega sikio kwa kitu kingine.

Kinakuja kikiwa kimejificha ndani ya malalamiko: “Hata kocha naye ameanza. Ameniweka benchi, eti kipindi cha pili sikimbii.”

Hapa ndipo wengi wetu tungeharibu. Ulimi unawasha. Tungesema: unaona sasa, ni hiyo bangi! Na kijana angejibu papo hapo kwamba kuna wasiovuta nao wanachoka, kwamba kocha ana upendeleo, na mlango ungefungwa. Hamu hii ya kunyoosha kilichopinda humjia kila mtu mwenye upendo, wazazi kwanza, na mshauri hujifunza kuimeza.

Anasema badala yake: “Mpira ni kitu kikubwa kwako.”

“Mimi ni winga, madamu. Mwaka jana nilicheza UMISSETA.” Macho yameinuka kwa mara ya kwanza.

“Na mwaka huu?”

“Nataka. Ila hizi pumzi… sijui.”

“Ile ya jioni inakutuliza nyumbani kukichafuka, na huku unaona pumzi zako uwanjani si za mwaka jana.”

Kijana ananyamaza, kisha: “Si za mwaka jana kabisa.”

Sentensi ile ya mshauri ina pande mbili, na mpangilio wake ni wa makusudi. Pande zote zimetajwa, hakuna uliodharauliwa, ila upande wa kubadilika umewekwa mwisho, kwa sababu mtu huendelea kutoka pale ulipoishia. Angesema “pumzi zimepungua, ila inakutuliza,” kijana angeendelea kueleza inavyomtuliza.

Kisha linakuja swali la kipimo. “Kuanzia 0 hadi 10, kupunguza au kuacha kuna umuhimu gani kwako sasa hivi?” Kijana anasema 3. Mzazi angesikia 3 akavunjika moyo, akauliza kwa nini isiwe 8. Swali hilo jibu lake ni orodha ya visingizio. Mshauri anauliza kinyume: “Kwa nini 3, isiwe 0?” Sasa jibu pekee lililobaki ni sababu zake mwenyewe za kubadilika. Anataja pumzi. Anataja mdogo wake wa darasa la nne, aliyemuuliza kwa nini macho yake mekundu. Mama yake hakuwahi kuijua sababu hiyo ya pili, na hakuna hotuba yoyote ambayo ingeweza kuitunga.

Taarifa za afya zinatolewa kwa ruhusa. Mshauri anauliza kijana anajua nini kuhusu bangi na mwili, anamsikiliza, kisha anaomba: “Naweza kuongeza jambo moja?” Anamweleza kwamba kuvuta huweza kuudhoofisha uwezo wa kushika mambo mapya kichwani, na kwamba ubongo wa umri wake bado unakua. Halafu anauliza: “Wewe unalionaje?” Jambo moja tu, na neno la mwisho ni la kijana.

Saa inapokaribia kwisha, kijana anasema labda asivute siku za mazoezi, Jumanne na Alhamisi, wala siku ya mechi. Mshauri anamuuliza wenzake wa maskani wakimpa atasemaje, na jioni ugomvi ukianza nyumbani ataenda wapi. Kijana anataja kwa shangazi yake, mtaa wa pili. Mpango umekamilika, na kila sehemu yake imetoka kwake.

Mama hataridhika. Ametoa nauli ili mtoto aache, siyo apunguze siku chache. Namwelewa kabisa, maana hofu yake ni ya haki. Lakini ahadi ya kuacha yote kesho, iliyotolewa ili mtu aondoke chumbani, haina uzito, na siku chache alizozichagua mwenyewe zinaweza kuulizwa wiki ijayo.

Utajuaje mambo yanakwenda kombo? Sikiliza “sawa, madamu” zikifuatana haraka haraka. Huyo anakusindikiza mlangoni. Angalia nani anaongea zaidi. Akiwa ni mshauri, kazi imepinduka. Na kijana akianza kuitetea bangi kwa bidii, si lazima awe mkaidi: mara nyingi ni dalili kwamba amesukumwa. Dawa yake ni kurudi nyuma na kukiri: “Naona nimekukimbiza, samahani. Turudi ulipokuwa.” “Sijui” nayo haina ubaya. Subiri. Kimya cha sekunde kadhaa mara nyingi huleta sentensi iliyo bora kuliko swali jipya.

Mipaka ipo, na ni vyema isemwe wazi. Tafiti zilizokusanywa kuhusu vijana wanaotumia vilevi zinaonyesha faida ya kweli ila ndogo. Vikao vichache haviwezi kuumaliza ugomvi wa nyumbani unaomsukuma kijana maskani. Hapo wazazi nao wanahitaji kukaa na mtu. Tena njia hii si ujanja wa kumzungusha mtoto hadi aseme unachotaka. Kijana hunusa hila upesi, na mshauri asiye tayari kumsikia akisema “bado sitaki kuacha” asiitumie.

Mzazi unayempeleka mwanao wiki hii, mwambie ukweli njiani kwamba hujamuuliza, na sababu iliyokufanya usimuulize. Akitoka chumbani usimhoji alichosema. Akikwambia mwenyewe jambo dogo alilokusudia, mjibu kwa kulirudia tu, ukaishia hapo. Ila akizungumzia kujiua, akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ukihisi kuna mtu anamnajisi au kumpiga, usisubiri kikao kijacho: mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na umwone ofisa wa ustawi wa jamii.